Seva Zikizimika kwa Joto: Pima Wapi, Andika Nini

Ripoti nyingi za seva zilizozimika katika ofisi za pwani huwa na sentensi moja tu: “Chumba kilipata joto kwa sababu kiyoyozi ni kibovu, mifumo ikazima.” Kwa sentensi hiyo fundi huitwa kutoka Dar es Salaam, takriban kilomita 300 hadi Kilwa Masoko. Anajaza gesi, analipwa, anaondoka. Baada ya siku chache umeme unakatika, seva zinazima tena, na ripoti ile ile inaandikwa upya.

Fundi hana kosa. Tatizo ni kwamba ripoti haikumwambia joto lilipimwa wapi, lilipanda kwa kasi gani, na kiyoyozi kilikuwa kinafanya nini wakati huo. Mambo hayo matatu ndiyo yanayotofautisha kiyoyozi kilichoharibika na kiyoyozi kizima ambacho hakikuwashwa.

Tuchukue chumba cha mfano kilicho karibu na ufuko, mwezi wa Februari, upepo wa kaskazi ukivuma. Kina urefu wa mita 4, upana wa mita 3 na kimo cha mita 2.8. Ndani yake kuna kabati moja la seva, swichi za mtandao na betri za dharura, vyote vikitumia kilowati 2.4. Karibu umeme wote huo hugeuka kuwa joto. Ukutani kuna kiyoyozi kimoja cha BTU 18,000, yaani uwezo wa kuondoa kilowati 5 na ushei. Kwenye karatasi chumba hiki kiko salama kabisa, kwani uwezo wa kupooza ni zaidi ya mara mbili ya joto linalozalishwa.

Saa 8:10 mchana umeme wa TANESCO unakatika. Betri za dharura zinabeba seva bila mtumiaji yeyote kugundua. Dakika mbili baadaye jenereta inawaka na kupeleka umeme jengo zima, kikiwemo kiyoyozi. Taa zinarudi, kompyuta zinaendelea, kila mtu anarejea kwenye kazi yake. Lakini viyoyozi vingi vya nyumbani, ambavyo ndivyo ofisi ndogo hununua, havijiwashi vyenyewe umeme unaporudi, au vina uwezo huo lakini haujawekwa. Vinasubiri mtu abonyeze rimoti. Ndani ya chumba kilichofungwa seva zinaendelea kutoa kilowati 2.4 za joto, na hakuna kinacholiondoa.

Hebu tuone kasi yake. Hewa ya chumba hicho ina uzito wa kilo 40 hivi. Kama hewa peke yake ndiyo ingepokea joto lote, ingepanda nyuzi 3.6 za Selsiasi kila dakika. Kwa bahati nzuri kuta, sakafu na chuma cha kabati hunyonya sehemu kubwa, kwa hiyo mwendo halisi ni wa polepole zaidi. Kwa mfano wetu, joto la hewa inayoingia kwenye seva lingeweza kwenda hivi: saa 8:10, nyuzi 24; saa 8:20, nyuzi 31; saa 8:35, nyuzi 37; saa 8:50, nyuzi 42, na seva inatoa onyo; saa 9:15, nyuzi 47, na seva inajizima ili isiungue. Toka umeme ukatike mpaka mifumo ilale imepita saa moja na dakika tano.

Vipimo hivyo ni vya hewa inayoingia mbele ya seva, na hapo ndipo pa kuangalia kwanza. Kipimajoto kilichotundikwa mlangoni kinaweza kusoma nyuzi 28 huku seva ya juu kabatini ikivuta hewa ya nyuzi 36, kwa sababu hewa moto hupanda na kuzunguka kurudi mbele. Mwongozo wa ASHRAE, chama cha wahandisi wa viyoyozi cha Marekani, unapendekeza hewa inayoingia kwenye seva iwe kati ya nyuzi 18 na 27. Seva nyingi huvumilia hadi nyuzi 35, lakini huo ni uvumilivu wa muda, si mahali pa kuishi.

Habari njema ni kwamba seva nyingi zina vipimajoto vya ndani. Kwenye mashine yenye Linux, amri ya kwanza hapa chini huonyesha vipimo vya sasa, na ya pili huonyesha kumbukumbu ya maonyo yaliyopita:

```
ipmitool sdr type Temperature
ipmitool sel elist
```

Kwa seva yetu saa 8:50, jibu la amri ya kwanza lingeonekana hivi:

```
Inlet Temp    | 04h | nc  |  7.1 | 42 degrees C
Exhaust Temp  | 01h | ok  |  7.1 | 51 degrees C
```

Mstari wa kwanza ni hewa inayoingia, wa pili ni hewa inayotoka nyuma. Herufi `nc` zina maana kwamba kiwango cha onyo kimefikiwa, bado hakijawa cha hatari. Sasa tazama tofauti: nyuzi 9. Mchana ule kabla umeme haujakatika, hewa iliingia na nyuzi 24 na kutoka na 36, tofauti ya 12. Tofauti imepungua kwa sababu feni za seva zimeongeza kasi na kupitisha hewa nyingi zaidi. Hiyo ni dalili kwamba seva ni nzima na inapambana. Joto linatoka kwenye mazingira yake. Kama feni moja ingekuwa imekufa au vumbi limeziba, tofauti ingeongezeka badala ya kupungua.

Baada ya seva, kipimo cha pili hufanywa kwenye kiyoyozi chenyewe. Kiwashe, subiri dakika 10, kisha pima hewa kinayoivuta juu na hewa kinayoipuliza chini. Kiyoyozi kizima kwa kawaida hushusha joto kwa nyuzi 8 hadi 12. Katika chumba chetu, tuseme kinavuta hewa ya nyuzi 44 na kupuliza ya nyuzi 33. Tofauti ni 11. Kiyoyozi hakina ubovu wowote. Kilichokosekana ni mtu wa kubonyeza rimoti, au kifaa cha kukiwasha chenyewe baada ya umeme kurudi. Gesi ambayo fundi angekuja kuijaza isingebadilisha kitu.

Kama tofauti ni sifuri huku feni ikipuliza, kompresa haifanyi kazi. Mara nyingi ni kapasita yake iliyokufa au umeme wa jenereta ulio chini mno kuiwasha. Kama ni nyuzi 3 au 4, gesi imepungua au kifaa cha nje kimeshindwa kutupa joto. Na kama tofauti ni kubwa lakini upepo ni hafifu, chujio limeziba. Hapo ndipo wengi hushusha rimoti hadi 16 wakidhani chumba kitapoa haraka. Namba hiyo haiongezi nguvu ya kompresa, ila huiambia isipumzike, na upepo ukiwa mdogo mabomba ya ndani yanaweza kuganda barafu na kuziba kabisa.

Kifaa cha nje kinastahili neno la ziada huku kwetu. Chumvi inayobebwa na upepo wa bahari hukaa kwenye mapezi ya alumini yaliyoshikana na mabomba ya shaba. Metali hizo mbili zikikutana na chumvi na unyevu, alumini huliwa, mapezi hugeuka unga mweupe na kuachana na bomba. Kiyoyozi huendelea kunguruma kama kawaida, lakini uwezo wake unapungua mwezi baada ya mwezi. Ukiandika joto la kila siku saa ile ile, utauona uharibifu huu mapema, kwa sababu mstari wake ni wa kupanda taratibu kwa wiki nyingi. Kiyoyozi kilichozimwa huleta mwinuko mkali unaoanza dakika moja inayojulikana. Kompresa inayozidiwa, ikikatika na kurudi, huchora mawimbi. Dawa ya chumvi ni kuosha kifaa cha nje kwa maji baridi ya bomba mara kwa mara, kununua chenye mapezi yaliyopakwa kinga, na kukifunga upande wa jengo usiotazama bahari.

Kuwa na kifaa cha akiba pia si kinga kama vyote viwili vinaweza kushindwa kwa sababu moja. Tarehe 19 Julai 2022, siku ambayo Uingereza ilivuka nyuzi 40 kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu zake, hospitali za Guy’s na St Thomas’ za London zilipoteza vituo vyao viwili vya data, ambavyo vilikusudiwa kusaidiana. Upoozaji ulishindwa kwenye vyote, na mifumo 371 iliathirika. Siku hiyo hiyo Google ilipata hitilafu ya upoozaji katika kituo chake kimoja London. Kwa ofisi ya Kilwa somo ni jepesi: viyoyozi viwili visivyojiwasha, vinavyotegemea swichi moja, ni sawa na kimoja.

Onyo nalo lisitegemee kile kinachozimika. Ujumbe wa barua pepe unaopitia swichi iliyo ndani ya chumba hicho hicho hautafika swichi ikilala. Kifaa kidogo chenye laini yake ya simu, kinachotuma ujumbe hewa ya kuingia ikifika nyuzi 30, kingempa msimamizi wa mfano wetu karibu dakika 55 kabla ya seva kujizima. Muda huo unatosha kufika na kuwasha kiyoyozi, au kuzima seva za hifadhidata kwa utaratibu ili data isiharibike.

Jambo la mwisho ni saa. Seva nyingi huandika kumbukumbu kwa saa za UTC, ambazo ziko nyuma ya saa zetu kwa saa tatu. Tukio la saa 8:10 mchana litasomeka `11:10` kwenye kumbukumbu ya seva, `14:10` kwenye simu ya mlinzi, na “saa nane na dakika kumi” kwenye daftari la jenereta. Asiyejua atadhani ni matukio matatu. Chagua mfumo mmoja na utaje juu ya ripoti.

Ripoti yenyewe basi haizidi mistari michache: “Saa zote ni za Afrika Mashariki, mfumo wa saa 24. 14:10 umeme umekatika, 14:12 jenereta imewaka, kiyoyozi hakikujiwasha. Hewa ya kuingia kwenye seva: 14:10 nyuzi 24, 14:50 nyuzi 42, 15:15 nyuzi 47, seva zimejizima. Kiyoyozi kilipowashwa 15:30 na kupimwa 15:40: kinavuta 44, kinapuliza 33. Chanzo: kiyoyozi hakijiwashi umeme ukirudi.”

Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi pale Somanga, hakuna fundi ambaye angefika kwa gari hata angelipwa mara mbili. Kwa hiyo kabla ya kumpigia simu, pima hewa inayoingia na inayotoka kwenye kiyoyozi chako, uandike na saa. Kama tofauti ni nyuzi 8 au zaidi na upepo wake una nguvu, usimwite aje kujaza gesi. Mwite fundi umeme.