Bibi na amana yake ya siku 91

Malalamiko mengi yanayosikika kwenye meza ya huduma ya benki hayatokani na wizi. Yanatokana na asilimia iliyosomwa nusu na karatasi iliyosainiwa bila kusomwa. Hebu tumfuate bibi mmoja wa Morogoro, muuguzi mstaafu. Yeye na karani wake ni wa kubuni, lakini hali kama yao hutokea kila siku.

Tarehe 3 Machi bibi alitoa shilingi milioni 8 kwenye akaunti yake ya akiba akaziweka katika amana ya muda maalumu, kwa siku 91. Riba ilikuwa asilimia 9. Tarehe 14 Juni akarudi na hati yake ya amana mkononi.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mjukuu wangu. Nimekuja kuchukua milioni 2 nikaezeke nyumba, na nataka nione faida yangu. Nimepiga hesabu, asilimia 9 ya milioni 8 ni laki saba na ishirini.”

“Hesabu yako ni sahihi, bibi, ila hiyo ni ya mwaka mzima. Wewe uliweka siku 91.”

Hapo ndipo wengi hukwama. Riba inayotangazwa na benki, hata kwa amana ya mwezi mmoja, huwa ni ya mwaka. Karani alichukua ile 720,000, akaigawa kwa siku 365, akapata shilingi 1,972 na senti kadhaa kwa siku. Alipozidisha kwa 91 ikawa 179,507.

“Mbona kwenye karatasi yako naona 161,556?”

“Hiyo tofauti, bibi, ni kodi ya zuio. Serikali huchukua asilimia 10 ya riba. Sisi tunaikata hapahapa na kuipeleka Mamlaka ya Mapato. Ni shilingi 17,951. Milioni zako 8 haziguswi, kinachotozwa ni faida tu.”

Bibi akanyamaza kidogo. “Haya. Basi nipe milioni 2 zangu.”

“Kuna jambo bibi. Amana yako iliiva tarehe 2 Juni. Hukuja, kwa hiyo imeanza upya, siku 91 nyingine, pamoja na riba yake. Sasa imesimama kwenye shilingi 8,161,556.”

“Nani aliwaambia muianze upya?”

Karani akaigeuza fomu, akamwonyesha mstari wa maelekezo ya siku ya kuiva. Palikuwa na visanduku vitatu: kurejesha fedha zote kwenye akaunti ya akiba, kuendeleza mtaji peke yake, au kuendeleza mtaji na riba. Cha tatu kilikuwa na alama ya vema, na chini yake saini ya bibi.

Kwa maoni yangu mstari huo ndio wenye uzito kuliko yote kwenye fomu, na ndio unaorukwa na wateja na wafanyakazi vilevile. Foleni ikiwa ndefu, mfanyakazi huweka alama mwenyewe na kumsogezea mteja kalamu. Kwa asiyehitaji fedha zake, kuziendeleza si vibaya. Tatizo ni kwamba kipindi kipya hufuata riba ya siku hiyo, ambayo huenda imeshuka, na fedha hufungwa tena bila mwenyewe kujua.

“Nitafanyaje sasa? Mafundi wanaanza kesho.”

“Unaweza kuivunja. Ile riba ya siku 91 za kwanza ni yako, imeshaingia, haipotei. Utakachopoteza ni riba ya siku hizi 12, kama shilingi elfu 22 baada ya kodi. Ila hatuwezi kumega milioni 2 tukaziacha nyingine. Amana huvunjwa yote.”

“Na nikikopa kwa dhamana ya hiyo amana? Jirani yangu alifanya hivyo.”

Swali zuri. Benki nyingi hukopesha kwa dhamana ya amana, kwa riba iliyo juu kuliko ile wanayokulipa. Tuseme ni asilimia 13. Bibi angedaiwa milioni 2 kwa siku 79 zilizobaki, na riba ya mkopo ingefika kama shilingi elfu 56. Kuvunja kunamgharimu elfu 22, pamoja na riba ambayo milioni 2 zingeendelea kupata siku hizo 79. Kwake, gharama za njia zote mbili zinakaribiana, ila kuvunja hakumwachii deni.

Lakini angekuja siku ya 80 ya kile kipindi cha kwanza, jibu lingegeuka. Kuvunja siku hiyo kungefuta riba ya siku 80, zaidi ya laki moja na nusu kabla ya kodi. Mkopo wa milioni 2 kwa siku 11 ungemgharimu kama shilingi 7,800. Kwa hiyo anayebanwa na shida aulize kwanza siku ngapi zimepita na ngapi zimebaki, ndipo achague. Aulize pia masharti ya benki yake, kwa sababu ziko zinazolipa sehemu ya riba kwa anayevunja mapema na ziko zinazotoza adhabu juu yake. Anayelipwa riba kila mwezi awe macho zaidi, maana akivunja, benki inaweza kukata kwenye mtaji riba aliyokwisha kuila.

Bibi akakubali kuvunja. Karani akamjazisha barua fupi ya maombi, akalinganisha saini na kitambulisho cha NIDA, kisha akazihamishia fedha zote kwenye akaunti ya akiba. Amana ya muda maalumu haina kadi wala haitolewi moja kwa moja dirishani. Lazima ipitie akaunti hiyo. Kutoka hapo bibi alitolewa milioni 2 taslimu.

“Zilizobaki tuzirudishe, bibi?”

“Zirudishe, lakini si zote kwa pamoja. Nikibanwa tena mtanivunjia yote.”

Aliwahi kabla ya kushauriwa. Wakaweka milioni 3 kwa siku 91 na milioni 3 nyingine kwa siku 182, hati mbili tofauti. Zile 161,556 zikabaki kwenye akiba kwa dawa na matumizi madogo. Akipata dharura, atavunja hati moja na nyingine itaendelea kuhesabu siku zake. Safari hii kwenye maelekezo bibi alishika kalamu mwenyewe, akaweka alama kwenye kisanduku cha kwanza: fedha zirudi kwenye akiba.

Alipokuwa akiinuka akauliza lile linalowasumbua wazee wengi. “Na benki ikifilisika?”

Tanzania ina Bodi ya Bima ya Amana. Benki ikifungwa, bodi humlipa kila mwenye amana hadi shilingi 7,500,000, na mteja halipii bima hiyo, huchangiwa na benki zenyewe. Akaunti zote za mtu mmoja katika benki moja hujumlishwa, kwa hiyo kugawa hati mbili ndani ya benki ileile hakuongezi kinga. Kinachozidi kiwango hicho husubiri mali za benki ziuzwe. Asubuhi ile bibi alikuwa na shilingi 8,161,556 mahali pamoja, yaani zaidi ya laki sita zilikuwa nje ya bima. Baada ya kutoa za mabati amebakiwa na 6,161,556, zote ndani ya kinga. Mwenye kiinua mgongo kikubwa kuliko hapo akigawe kwenye benki mbili.