Gawio la Safaricom: ununue kabla ya daftari kufungwa, au ungoje?

Kila Julai, pale Kombewa kama kwingineko, watu huanza kuulizana kama wakimbilie hisa za Safaricom kabla ya tarehe 31. Mwaka 2024 kampuni ilitangaza gawio la mwisho la senti 65 kwa hisa, kwa wanahisa watakaokuwa kwenye daftari tarehe 31 Julai, malipo yakiwa kufikia 31 Agosti. Ukiyasikia hayo, unaona pesa ya bure. Si ya bure.

Tuanze na tarehe, maana hapo ndipo wengi hupoteza. Katika Soko la Hisa la Nairobi, hisa uliyonunua leo huingia rasmi kwa jina lako siku ya tatu ya kazi baadaye. Tarehe 31 Julai 2024 ilikuwa Jumatano. Ukihesabu kurudi nyuma, siku ya mwisho ya kununua hisa yenye gawio ilikuwa Ijumaa tarehe 26. Aliyenunua Jumatatu tarehe 29 alipata hisa, lakini gawio lilibaki kwa aliyemuuzia. Hati ya ununuzi kutoka kwa dalali huonyesha siku ya kukamilika kwa malipo. Siku hiyo ikiwa baada ya daftari kufungwa, gawio hilo usilitarajie.

Sasa bei. Hakuna anayeishusha kwa amri. Ijumaa mnunuzi analipia hisa pamoja na senti 65 zilizo njiani. Jumatatu analipia hisa tupu. Atatoaje bei ileile? Na kampuni yenyewe itatoa fedha hizo mfukoni mwake, hivyo kinachobaki ndani yake kimepungua kwa kiasi hicho.

Tuseme bei ya Ijumaa ni shilingi 17, nawe unataka hisa 1,000. Naweka ada ya dalali na soko kuwa 2 kwa 100, ambayo haiko mbali na wanachotoza kwa kiasi kidogo. Utatoa 17,000 na ada 340, jumla 17,340. Jumatatu bei inashuka hadi 16.35. Ukiuza kwa bei hiyo, unapata 16,350, ukatwe 327, zibaki 16,023. Gawio ni 650, lakini kodi ya zuio ya asilimia 5 inachukua 32.50, unapokea 617.50. Ukijumlisha yote umerudishiwa 16,640.50. Umepoteza karibu shilingi 700 ukifukuza 650.

Kwa hiyo kama hela hiyo ni ya karo ya muhula wa tatu, usiiguse. Shule hufunguliwa mwishoni mwa Agosti, na gawio linaweza kuingia baada ya mwalimu mkuu kumrudisha mtoto nyumbani. Mfuko wa soko la fedha unafaa zaidi: riba yake hukatwa kodi ya asilimia 15, lakini hakuna dalali wa kumlipa mara mbili, na mtaji hauyumbi hivyo. Uliza tu kutoa pesa huchukua siku ngapi.

Anayetaka kukaa na hisa miaka kadhaa ana hesabu nyingine. Akinunua Ijumaa, ana hisa na 617.50 zinazokuja baada ya mwezi. Akingoja Jumatatu, analipa 650 pungufu, na ada inashuka kwa shilingi 13, hivyo anabaki na 663 mkononi siku hiyohiyo. Kungoja kumemwokolea shilingi 45.50. Ni kidogo, lakini ni zake, na hakimbizani na tarehe.

Lakini bei si lazima ishuke senti 65 kamili. Kodi huwafanya wanunuzi walithamini gawio chini kidogo ya 65, na habari za siku hiyo, au mwekezaji mkubwa wa nje anayeuza, huweza kuivuta bei popote. Wakati mwingine hupanda. Basi anayengoja akubali kwamba huenda akakuta imepanda. Kwenye hisa zisizouzwa sana ni vigumu zaidi kutabiri: siku nzima inaweza kupita bila mnunuzi, na bei ya zamani ikabaki ubaoni kana kwamba hakuna kilichobadilika.

Kombewa hakuna haja ya kupanda matatu hadi Kisumu kununua. Akaunti ya CDS hufunguliwa kwa simu kupitia dalali aliyeidhinishwa. Kabla ya kutuma hela, muulize dalali ada ya chini kabisa kwa kila ununuzi. Akikutoza shilingi 100 hata ukinunua za 2,000, hiyo ni asilimia 5, zaidi ya gawio la senti 65 kwa hisa ya shilingi 17.