Riba ilipanda, shilingi ikazidi kuanguka

Desemba 5, 2023 Benki Kuu ya Kenya ilipandisha riba yake kutoka asilimia 10.5 hadi 12.5 kwa mkupuo mmoja. Kwa kanuni inayofundishwa darasani, shilingi ingepata nafuu. Haikupata. Dola iliyokuwa ikiuzwa kwa shilingi 153 hivi siku hizo ilifika 160 mwezi uliofuata.

Kanuni yenyewe si ya uongo. Riba ya Benki Kuu ikipanda, riba nyingine nchini huelekea kupanda nayo, na anayeikopesha serikali kwa shilingi hupata faida zaidi. Mwenye dola zake London au Dubai huanza kutamani. Ili aingie lazima kwanza anunue shilingi, na shilingi ikigombewa, bei yake hupanda.

Ila huyo mwenye dola hahesabu riba peke yake. Tuseme alileta dola 1,000 mwanzoni mwa 2023, dola moja ikiwa shilingi 123 hivi. Akapata shilingi 123,000, akaziwekeza kwa asilimia 10, na mwisho wa mwaka akawa na 135,300. Alipotaka kurudi nyumbani alikuta dola imefika 156, akaondoka na dola 867. Riba alilipwa yote, na bado alipata hasara. Wakati huohuo serikali ya Marekani ilikuwa ikilipa zaidi ya asilimia 5 kwa dola, bila presha yoyote. Ndiyo maana asilimia 12.5 haikumtikisa mtu.

Kuna jambo la pili, na hili wanunuzi na wauzaji wa fedha za kigeni walilijua kabla kamati haijaketi. Kila wiki Benki Kuu huendesha mnada wa hati za Hazina, yaani mikopo ya muda mfupi ya serikali. Mwishoni mwa Novemba 2023 hati za siku 91 zilikuwa zikilipa zaidi ya asilimia 15, huku riba rasmi ikiwa bado 10.5. Soko lilikuwa limeshatangulia, kamati ikafuata nyuma. Anayetaka kubashiri uamuzi wa riba basi hutazama mnada huo. Hutazama pia takwimu za mfumuko wa bei zinazotolewa kila mwisho wa mwezi, kwa sababu lengo la serikali ni asilimia 5, na ukikaribia 7.5 kamati hukosa raha. Novemba hiyo ulikuwa 6.8. Kisha husikiliza Washington, kwa kuwa riba ya Marekani ikipanda, shilingi inadaiwa zaidi ili imridhishe mgeni. Uamuzi ambao kila mtu ameshautarajia hausogezi bei siku ya kutangazwa, maana walioutarajia walishanunua au kuuza mapema. Kinachosogeza ni tofauti kati ya walichodhani na walichosikia, pamoja na maneno ya gavana kuhusu miezi inayokuja.

Lakini Nairobi ilikuwa na donda lililozidi riba. Mwaka 2014 Kenya ilikopa dola bilioni 2 kwa hati fungani iliyotakiwa kulipwa Juni 2024. Kila mwenye dola alijiuliza zitatoka wapi. Aliyehofu kwamba serikali itashindwa kulipa, au itakomba dola zote sokoni ili ilipe, alizikumbatia zake. Waagizaji bidhaa nao walinunua mapema kuliko walivyohitaji, na hofu hiyo ndiyo iliyozidi kuipandisha dola.

Februari 6, 2024 riba ilipanda tena, safari hii nusu asilimia tu, hadi 13. Wiki iliyofuata Kenya ilikopa dola bilioni 1.5 nje, kwa gharama iliyopita asilimia 10, ikazitumia kununua sehemu kubwa ya deni lile la Juni. Mkopo ghali, sikatai, lakini swali lilijibiwa. Siku hizohizo serikali iliuza hati fungani ya miundombinu yenye riba ya asilimia 18.46 isiyokatwa kodi. Iliomba shilingi bilioni 70, ikaletewa maombi ya zaidi ya bilioni 280, na wageni wakiwamo. Aliyebadilisha dola 1,000 kwa 150 na kupata riba ya mwaka mmoja angekuwa na shilingi 177,690. Kwa dola ya shilingi 129 ya mwaka uliofuata, hizo ni dola 1,377.

Machi ilipokwisha dola ilikuwa imeshuka hadi karibu shilingi 131. Agosti Benki Kuu ilianza kupunguza riba, na kwa kanuni ya darasani shilingi ingelegea. Kufikia Desemba 2024 riba ilikuwa asilimia 11.25, chini kuliko ile ya Desemba iliyotangulia, na dola ilikuwa bado shilingi 129.