Wazee, Konsistori na Mamlaka ya Nchi: Serikali ya Kanisa la Kikalvini na Siasa za Ulaya, 1541–1638

Utangulizi

Neno mzee huweza kumpotosha msomaji wa Kiswahili anapokutana na historia ya makanisa ya Kikalvini. Kwetu neno hili hubeba umri, heshima na hekima iliyokusanywa kwa miaka. Mzee wa kanisa katika mji wa Geneva, karne ya 16, alikuwa kitu kingine: mtu aliyechaguliwa kwa mwaka mmoja, akakabidhiwa mtaa wa kuuangalia, na ambaye tayari alikuwa diwani katika mojawapo ya mabaraza ya mji. Angeweza kuwa na miaka thelathini na kitu. Tukiisahau tofauti hii, tutakisoma chombo kilichoitwa konsistori kana kwamba ni baraza la kimila la wazee wa ukoo, na hatutaelewa kwa nini watawala wa Ulaya walikitazama kwa jicho la wasiwasi.

Makala haya yanachunguza jinsi chombo hicho kilivyofanya kazi Geneva, ugomvi uliozuka juu ya nani ana haki ya kumzuia mtu kushiriki Meza ya Bwana, na namna muundo huo ulivyobadilika ulipohamia nchi ambazo mfalme hakuwa upande wa kanisa. Hoja inayoongoza ni kwamba athari ya Ukalvini katika siasa ilitokana zaidi na muundo wa vikao kuliko na mafundisho ya vitabuni.

Baraza la kila Alhamisi

Geneva ilikubali Matengenezo ya Kanisa mwezi Mei 1536, kabla Yohana Kalvini hajafika. Alipofika hakudumu. Mwaka 1538 mji ulimfukuza, sababu moja ikiwa ni madai ya wachungaji kuhusu nidhamu ya kanisa. Aliporudi Septemba 1541, alitaka kwanza utaratibu ulioandikwa. Kanuni za Kanisa zilipitishwa Novemba mwaka huo huo, nazo zilitambua huduma nne: wachungaji, walimu, wazee na mashemasi.

Wazee walikuwa 12. Wawili walitoka katika Baraza Dogo, lililokuwa na watu wapatao 25 na ndilo lililoendesha mji siku hadi siku. Wanne walitoka katika Baraza la Sitini. Na sita katika Baraza la Mia Mbili. Baraza Dogo liliwapendekeza baada ya kushauriana na wachungaji, kisha Baraza la Mia Mbili likawathibitisha. Kila Februari, mji ulipochagua viongozi wake, orodha ya wazee nayo iliangaliwa upya. Wazee hao pamoja na wachungaji ndio waliokuwa konsistori. Walikutana kila Alhamisi, na aliyeongoza kikao hakuwa Kalvini bali mmoja wa masindiki wanne, yaani wakuu wa mji.

Basi ni vigumu kusema kwamba kanisa la Geneva lilijitawala. Watawala wa mji walikuwa ndani ya konsistori tangu siku ya kwanza. Kanuni zenyewe zilisema wazi kwamba wachungaji hawana mamlaka ya kiraia, na kwamba upanga wao ni Neno la Mungu pekee. Konsistori haikuweza kumtoza mtu faini wala kumfunga. Iliweza kumwita, kumhoji, kumwonya, na iliposhindwa, kumpeleka mbele ya Baraza Dogo. Hata Mikaeli Serveto, aliyechomwa moto Oktoba 1553 kwa uzushi, alihukumiwa na Baraza Dogo na si konsistori. Wengi huichanganya mihimili hii miwili.

Tunayajua haya kwa sababu konsistori ilikuwa na karani. Kumbukumbu zake za tangu 1542 hadi Kalvini alipofariki mwaka 1564 zinajaza majalada 21, kwa mwandiko wa haraka ulio mgumu kusomeka. Karne ya 19 watafiti walitegemea dondoo zilizochaguliwa, na mchaguzi, kama ilivyo kawaida ya wachaguzi, alipendelea visa vya kushangaza. Mwanahistoria Robert Kingdon na wenzake walipoanza kunakili majalada yote, sura iliyojitokeza ilikuwa tulivu zaidi. Wapo waliokemewa kwa kucheza ngoma au kusali kwa Kilatini, lakini sehemu kubwa ya kazi ilikuwa kusuluhisha wanandoa, ndugu na majirani waliogombana, kuchunguza ahadi za ndoa, na kuuliza kama mtu anaijua Sala ya Bwana katika lugha yake. Kwa mtafiti wa lugha kama mimi swali hilo la mwisho lina uzito wa pekee: lugha ya nyumbani ilikuwa sasa kipimo cha uanakanisa.

Nani ana ufunguo wa Meza?

Adhabu moja ilibaki na utata. Ushirika uliadhimishwa mara nne kwa mwaka, nao ulikuwa jambo la hadhara. Mtu aliyezuiwa kushiriki alionekana na mji mzima kuwa hana amani na jirani zake. Je, konsistori iliweza kumzuia mtu kwa uamuzi wake yenyewe, au ilipaswa kupata idhini ya Baraza Dogo? Lugha ya Kanuni za 1541 iliacha mlango wazi, na nadhani haikuwa bahati mbaya, kwani kila upande ulihitaji kuisoma kwa namna yake ili maandishi yapite. Kufikia Machi 1543 Baraza la Sitini lilikuwa limeamua kwamba konsistori haina haki hiyo. Kalvini alikataa.

Mgogoro ulifikia kilele katika shauri la Philibert Berthelier, kijana wa ukoo mashuhuri ambaye baba yake alihesabiwa kuwa shujaa wa uhuru wa mji. Konsistori ilikuwa imemzuia Mezani. Berthelier hakuenda kuomba radhi. Alikwenda Baraza Dogo, na mwanzoni mwa Septemba 1553 likamruhusu ashiriki. Kalvini alitangaza mimbarani tarehe 3 Septemba kwamba hatampa mkate mtu aliyezuiwa, hata ikimgharimu maisha. Baraza lilikuwa limemshauri Berthelier faraghani asifike siku hiyo, naye hakufika. Hivyo kila upande ulijiona haukushindwa. Novemba mwaka huo Baraza la Mia Mbili liliamua kwamba neno la mwisho ni la Baraza Dogo.

Tukiwaona wapinzani wa Kalvini kuwa wahuni waliochukia maadili, kama maandiko ya upande wake yalivyowaita, tutapoteza kiini cha jambo. Walikuwa raia wa ukoo wa zamani walioona kwamba mji uliojinasua kutoka kwa askofu ulikuwa hatarini kupata askofu mwingine, safari hii wa pamoja. Na wachungaji karibu wote walikuwa Wafaransa, wageni. Hofu yao ilikuwa ya kisiasa na haikuwa ya kipuuzi.

Uamuzi haukutokana na hoja za kitheolojia. Ulitokana na hesabu ya kura. Januari 1555 mabaraza yalikubali kuzifuata Kanuni kama Kalvini alivyozisoma. Uchaguzi wa Februari uliwapa wafuasi wake nafasi zote nne za masindiki, na viongozi hao wakawapa wakimbizi wa Kifaransa makumi kadhaa haki ya uraia wa mji, pamoja na kura. Ghasia za Mei 1555 zilimalizika kwa kukimbia kwa Ami Perrin, kiongozi wa wapinzani, na kuuawa kwa baadhi ya wenzake. Tangu hapo konsistori ilishika ufunguo wa Meza. Mwaka 1560 iliagizwa pia kwamba sindiki anayeongoza kikao asiingie na fimbo yake ya utawala: aketi kama mzee, si kama hakimu. Fimbo hiyo iliyoachwa mlangoni inaeleza mpaka kati ya mamlaka mbili kwa uwazi usiopatikana katika kurasa nyingi za nadharia.

Bila mji, bila mfalme

Ufaransa hapakuwa na baraza la mji wa kugombana nalo, kwa sababu mfalme alikuwa adui. Wajumbe wa makanisa walikutana kwa siri Paris Mei 1559 wakaanza kuunda utaratibu ambao Geneva, mji mmoja, haukuuhitaji. Kila kanisa lilikuwa na konsistori. Juu yake kolokwi ya makanisa ya jirani. Kisha sinodi ya jimbo. Kisha sinodi ya taifa. Kila ngazi iliundwa na wajumbe, wachungaji pamoja na wazee. Kifungu cha kwanza kilikataza kanisa lolote kudai ukuu juu ya lingine, na madaraka ya mwenyekiti wa sinodi yalikoma kikao kilipofungwa.

Mtu anaweza kuona hapa mbegu ya demokrasia, na wengi wameiona. Mimi nasita. Wazee wapya walichaguliwa na konsistori iliyopo, na waumini waliachiwa haki ya kupinga tu. Kimya chao kilihesabiwa kuwa ridhaa. Jean Morély alipochapisha kitabu mwaka 1562 akidai kwamba waumini wote wapige kura, sinodi ya Orléans ilikilaani mwaka huo huo, na mwaka uliofuata Geneva ilikichoma moto. Katika miji kama Nîmes familia zilizotoa madiwani ndizo zilizotoa wazee.

Kilichopatikana kilikuwa mtandao. Baada ya mauaji ya Mtakatifu Bartolomeo mwaka 1572, Waprotestanti wa kusini walihitaji kukusanya kodi, kulipa askari na kujadiliana na mfalme bila kutegemea mtukufu mmoja anayeweza kuuawa usiku mmoja. Mikutano ya Millau mwaka 1573 na Nîmes mwaka 1575 iliweka mabaraza ya kisiasa ya majimbo na baraza kuu la wajumbe. Haikuwa sinodi, watukufu walikuwa na sauti kubwa ndani yake. Lakini watu waliokwisha kuzoea kutuma mjumbe mwenye barua ya uteuzi, kuandika maazimio na kukata rufaa ngazi ya juu hawakuanza na ukurasa mtupu.

Taji la Ufaransa lililielewa hilo vizuri. Amani ya Alès mwaka 1629 iliwaachia Waprotestanti ibada na konsistori zao, ikawanyang'anya ngome na mikutano ya kisiasa. Tangu 1623 kamishna wa mfalme alikuwa akiketi ndani ya sinodi. Sinodi ya taifa ya mwisho kuruhusiwa ilifunguliwa Loudun mwaka 1659. Konsistori moja moja hazikuogopwa, bali ngazi iliyoziunganisha. Waholanzi, waliokuwa na serikali ya Kiprotestanti, walifanya hesabu ile ile: baada ya Sinodi ya Dordrecht ya 1618–1619 watawala wao hawakuruhusu sinodi nyingine ya taifa.

Uskoti ilionyesha kinachotokea ngazi hiyo isipokatwa. Mfalme Charles wa Kwanza aliporuhusu Mkutano Mkuu wa kanisa ukutane Glasgow Novemba 1638, wapinzani wa maaskofu waliwarudisha wazee katika mabaraza ya presbiteri yaliyochagua wajumbe. Wazee hao kwa sehemu kubwa walikuwa watukufu na wamiliki ardhi, na kura zao ziliamua nani aende Glasgow. Kamishna wa mfalme, Hamilton, alipoona mwelekeo aliuvunja mkutano tarehe 28 Novemba, akatoka. Wajumbe walibaki vitini. Hadi walipofunga kikao tarehe 20 Desemba walikuwa wameufuta uaskofu, na mwaka uliofuata mfalme alikusanya jeshi.