Rangi Nyeupe Juu ya Bati

Saa nane mchana, mwezi wa pili, jua la Dar es Salaam liko karibu utosini. Katika chumba cha bati kisicho na dari, mtu akiinua mkono kuelekea papi anahisi joto kama la jiko la mkaa. Kufungua dirisha hakutoshi, maana joto hilo linashuka moja kwa moja kutoka kwenye bati hadi mwilini.

Ajabu ni kwamba bati jipya linang'aa, na hurudisha zaidi ya nusu ya mwanga wa jua. Kasoro yake ni ubahili: joto dogo linaloingia halitoki kwa urahisi. Likishika kutu, hata mwanga halirudishi tena, na mchana wa jua kali hupita nyuzi 60. Rangi nyeupe hutibu yote mawili. Hurudisha sehemu kubwa ya mwanga, kisha huachia upesi joto lililobaki.

Huko Ahmedabad, India, manispaa ilianza mwaka 2017 kupaka paa za nyumba za watu wa kipato cha chini, zaidi ya 3,000. Waliotumia chokaa walifaidika kwenye zege, lakini kwenye bati chokaa hupukutika.

Hapo ndipo mafundi wengi hukosea. Rangi ya mafuta ikipakwa moja kwa moja kwenye bati jipya, zinki huivunja na kuigeuza kitu kama sabuni. Baada ya msimu mmoja hubanduka vipande vipande. Dawa ni kuliosha bati kwa sabuni ili mafuta ya kiwandani yatoke, kulisuuza, kulikausha, kupaka praima inayofaa bati la zinki, kisha mikono miwili ya rangi ya maji ya nje. Kutu ikwanguliwe kwanza kwa brashi ya waya. Ukitaka kujua kama imeshika, bandika selotepu kwenye kona, ibandue kwa nguvu: ikitoka na rangi, usiendelee.

Paa la mita 6 kwa 8, ukihesabu mteremko na migongo, hufika kama mita 60 za mraba. Lita moja ikitosha mita 8, mikono miwili inahitaji lita 15, basi ndoo ya lita 20 inabakisha. Pakeni asubuhi umande ukikauka, kabla bati halijawaka. Fundi akanyage kwenye mistari ya misumari tu.

Upande wa ndani uachwe bila rangi, kwa sababu ule ubahili wa bati tupu hapo ni faida. Ukutani, anza na upande wa magharibi unaopigwa na jua la alasiri.

Mwaka ukipita, panda na ndoo ya maji na brashi laini. Paa lililofunikwa na vumbi la barabara halihesabiki tena kuwa jeupe.