Je, Wajua? Shujaa Aliyedhoofishwa na Waraka

Katika mchezo wa League of Legends, waraka wa marekebisho uliwahi kutangaza kwamba nguvu za shujaa Vladimir zimepunguzwa. Na ingawa, kwa kughafilika kwa mafundi, punguzo lenyewe halikutiwa mchezoni, kiwango chake cha ushindi kilishuka, kwa kuwa imani ya wachezaji kwake ilikwisha tetereka. Ajabu iliyoje!

Shujaa mwingine wa mchezo huo, Ryze, hodari mikononi mwa mabingwa wanaoshauriana kila hatua, huwaelemea wachezaji wa kawaida: akiongezewa nguvu ili hawa wafaidike, mabingwa humtumia kutawala mashindano, akipunguziwa, umma humhama. Kwa sababu hiyo ameundwa upya mara kadhaa, ukabadilishwa uwezo wake wenyewe, wala si hesabu za madhara yake tu.