Kuandika Upya Taarifa ya Msimamizi wa Uzamivu

Taarifa ya maendeleo ya mwanafunzi wa shahada ya uzamivu husomwa na watu wasiomjua: kamati ya idara, kurugenzi ya masomo ya uzamili, pengine na mfadhili. Uamuzi wao hutegemea maneno ya msimamizi, na ndiyo maana sentensi kama hii haifai: "Mwanafunzi yuko nyuma sana, inabidi aongeze bidii." Inamhukumu mtu bila kueleza kazi ilipokwama.

Tuseme mwanafunzi huyo anatafiti ufundishaji wa hisabati katika shule za sekondari Tanzania. Alipanga kuhoji walimu 40 kati ya Januari na Machi, lakini kufikia mwisho wa Juni amewahoji 22. Kibali cha utafiti kilitoka mwishoni mwa Machi, hivyo miezi mitatu ya kwanza ilipotea nje ya uwezo wake. Mahojiano yote 22 yalifanyika Aprili na Mei; Juni shule zilikuwa likizo. Likizo hiyo ilijulikana mapema, kwa hiyo kutoipangia kazi nyingine ni kasoro yake. Tena, rasimu ya sura ya pili ilikaa wiki saba mezani kwa msimamizi. Hilo nalo liandikwe. Taarifa inayoficha sehemu ya msimamizi haiwezi kuaminiwa kuhusu sehemu ya mwanafunzi.

Sentensi ile sasa husomeka hivi: "Mahojiano 22 kati ya 40 yamekamilika. Miezi mitatu ilipotea kwa kusubiri kibali. Juni haikutumika, ingawa data zilizopo zingeweza kuanza kuchambuliwa. Maoni ya sura ya pili yalichelewa upande wa msimamizi." Maneno kama "mzembe" hayahitajiki tena, maana kila jambo limetajwa kwa jina lake.

Baada ya hapo huja mpango, nao hutokana na hesabu ileile. Kwa kasi ya mahojiano 11 kwa mwezi, 18 yaliyobaki yanahitaji chini ya miezi miwili. Shule zikifunguliwa Julai, mwisho wa Agosti ni tarehe inayowezekana. Taarifa iseme pia msimamizi atarudisha rasimu ndani ya siku ngapi, na hatua gani itachukuliwa tarehe ikipita.

Habari za ugonjwa au msiba zisiingizwe bila ridhaa ya mwanafunzi. Inatosha kutaja muda uliopotea kwa sababu binafsi.

Upole wa kupitiliza nao una madhara. Msimamizi akiandika "anaendelea vizuri" mara tatu mfululizo, siku mwanafunzi atakapoomba kuongezewa muda, kamati itafungua jalada na isione tatizo lolote lililowahi kuripotiwa. Ombi lake litakuwa halina ushahidi.

Mwanafunzi aisome taarifa kabla haijawasilishwa, na pale asipokubaliana nayo, maelezo yake yaambatanishwe.